Opsheni ndefu au mkopo wa dalali? Hesabu ya gharama na ya siku mbaya

Mtu mwenye dola 30,000 anayetaka kumiliki hisa za dola 60,000 kwenye soko la Marekani ana njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kukopa dola 30,000 nyingine kwa dalali wake na kuweka hisa zenyewe kama dhamana. Ya pili ni kununua opsheni ya muda mrefu ambayo bei yake ya mkataba iko chini sana ya bei ya soko. Wengi huzichukulia kama vitu viwili visivyohusiana: mkopo una riba, opsheni ni kamari. Kwa kweli opsheni ya aina hii ni mkopo pia, ila riba yake imefichwa ndani ya bei na bima imeshonewa humohumo. Ukijua kuitoa riba hiyo nje na kuipima, utaweza kuchagua bila kubahatisha.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: SPY, mfuko unaofuata faharisi ya S&P 500 na kuuzwa sokoni kama hisa. Tuchukue kwamba bei yake ni dola 600, gawio ni dola 7 kwa mwaka, na dhamana za serikali ya Marekani zinalipa asilimia 4 kwa mwaka. Namba hizi nimezirahisisha ili hesabu ifuatike. Wewe utaweka za siku yako.

Kwanza, elewa unachonunua

Opsheni ya kununua, ile ambayo skrini ya dalali huiandika CALL, inakupa haki ya kununua hisa 100 kwa bei mliyokubaliana, wakati wowote kabla ya tarehe ya mwisho. Haikulazimishi kununua. Zile zenye zaidi ya mwaka mmoja mbele yake huitwa LEAPS, na soko la opsheni la Chicago lilianza kuziuza mwaka 1990. Tunayoitazama hapa ina miaka 2 na bei ya mkataba ni dola 400, yaani theluthi moja chini ya bei ya leo.

Hisa ni dola 600 na una haki ya kuipata kwa 400, kwa hiyo dola 200 za bei ya opsheni ni thamani halisi ambayo tayari ipo. Lakini muuzaji hatakuuzia kwa 200. Tuseme anataka 225, na hizo 25 za ziada ndizo watu huziita thamani ya muda. Wengi huishia hapo, wakiona dola 25 kama ada ya kuingilia mlangoni. Kumbe ndani yake mna vitu vitatu, na kila kimoja kina hesabu yake.

Kitu cha kwanza ni riba. Umelipa 225 badala ya 600, na zile 400 utazilipa baada ya miaka 2, au hutazilipa kabisa. Muuzaji anayejikinga kwa kununua hisa yenyewe leo anatumia fedha zake kwa niaba yako, na fedha hizo zina bei. Cha pili ni gawio, nalo linapunguza bei: mwenye opsheni hapati gawio, hivyo muuzaji humkatia kiasi hicho mapema. Cha tatu ni bima. Hisa ikianguka hadi 250, wewe unaondoka na hakuna atakayekufuata kudai zile 400. Haki hiyo ya kuondoka ina bei inayojulikana: ni bei ya opsheni ya kuuza, PUT, yenye bei hiyohiyo ya mkataba na tarehe hiyohiyo.

Pili, toa riba nje na uipime

Fungua jedwali la opsheni la dalali wako, chagua tarehe, kisha soma bei ya PUT iliyo kwenye mstari mmoja na CALL unayoitaka. Katika mfano wetu PUT ya 400 inauzwa dola 8. Hesabu ya bei ya haki ni hii:

```
C = S - K/(1+r)^T - D + P
C = 600 - 400/(1.04)^2 - 13.2 + 8
C = 600 - 369.8 - 13.2 + 8 = 225
```

S ni bei ya hisa, K bei ya mkataba, r riba ya soko, T miaka, D magawio yajayo yakipimwa kwa thamani ya leo, na P bei ya PUT. Kwa opsheni za SPY, ambazo unaweza kuzitumia kabla ya mwisho, mlinganyo huu hukaribia ukweli bila kuugonga kabisa. Kwa kazi yetu unatosha.

Sasa igeuze iwe riba ya mkopo. Kwa kila hisa umebakiwa na dola 375 mfukoni, yaani 600 kutoa 225. Hizo ndizo ulizokopeshwa. Mwishoni utalipa 400, na njiani utakosa gawio la dola 14, jumla 414. Kutoka 375 hadi 414 kwa miaka 2 ni takriban asilimia 5.1 kwa mwaka. Ukitoa dola 8 za bima, mkopo mtupu unabaki asilimia 4, sawa na riba ya serikali. Kwa maneno mengine, unakopeshwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida hapewi na benki yoyote, na juu yake unalipa kama asilimia 1.1 kwa mwaka ili mkopeshaji asikufuate siku hisa ikianguka.

Mimi huona hatua hii kuwa ya lazima kuliko zote. Anayenunua opsheni ndefu bila kutoa namba hii ni sawa na anayesaini mkopo bila kuuliza riba.

Hapo pia ndipo unapoona kwa nini njia hii inaifaa faharisi pana kuliko hisa ya kampuni moja yenye mtikisiko mkubwa. Kwa hisa ya namna hiyo, PUT iliyo theluthi moja chini ya bei ya soko inaweza kugharimu dola 35 badala ya 8. Weka 35 kwenye mlinganyo: CALL inafika 252, ulichokopeshwa kinashuka hadi 348, na riba inapanda hadi kama asilimia 9. Bima ya kitu kinachoungua mara kwa mara ni ghali, na hakuna ujanja wa kuikwepa.

Neno kwa msomaji anayejiepusha na riba kwa sababu za dini: asiambiwe kwamba opsheni inamtoa humo kwa kuwa hakuna mstari wa riba kwenye taarifa ya akaunti. Riba imo ndani ya bei, kama hesabu inavyoonyesha. Hukumu yake aiulize kwa wenye elimu, akiwa na picha kamili.

Tatu, pima mkopo wa dalali kwa kipimo hichohicho

Kanuni T ya Benki Kuu ya Marekani inaruhusu kukopa hadi nusu ya bei ya hisa wakati wa kununua, na kiwango hicho cha asilimia 50 hakijabadilika tangu 1974. Baada ya kununua, FINRA, mamlaka inayosimamia madalali wa Marekani, inataka mtaji wako usishuke chini ya asilimia 25 ya thamani ya hisa. Hicho ni kiwango cha chini tu. Madalali wengi huweka asilimia 30 au zaidi, na wanaweza kukipandisha wakati wowote.

Riba inatofautiana sana. Madalali wa bei nafuu huongeza kama asilimia 1.5 juu ya riba ya soko, ilhali kwa baadhi ya wale wakubwa mwenye akaunti ndogo hutozwa asilimia 11 au zaidi. Tuchukue 5.5 kwa wa kwanza na 11 kwa wa pili. Riba hii pia huelea: ikipanda katikati ya safari, nawe unapanda nayo. Ya opsheni imefungwa siku uliyonunua.

Tuwaweke watu wawili, kila mmoja na dola 30,000, kila mmoja akitaka hisa 100 za SPY. Wa kwanza, tumwite mkopaji, anaongeza mkopo wa 30,000 kwa asilimia 5.5 na kutumia gawio la dola 700 kwa mwaka kupunguza deni. Baada ya miaka 2 anadaiwa kama 31,950. Kwa asilimia 11 angedaiwa karibu 35,500. Wa pili ananunua mkataba mmoja wa CALL kwa 22,500, na dola 7,500 zilizobaki anaziweka kwenye dhamana za serikali kwa asilimia 4. Baada ya miaka 2 zinakuwa 8,112.

SPY ikifika 780, mkopaji ana 46,050 na mwenye opsheni ana 46,112. Ikibaki 600, mkopaji ana 28,050 na mwenzake 28,112. Ikishuka hadi 450, ni 13,050 kwa 13,112. Tofauti ni dola 62 popote juu ya 400. Yaani kwa mfano huu, opsheni pamoja na bima yake ni sawa na mkopo wa dalali wa asilimia 5.5 usio na bima. Ukipata mkopo chini ya hapo, mkopo ni rahisi zaidi, mradi ufike mwisho salama. Ukitozwa asilimia 11, mkopaji ameachwa nyuma kwa dola 3,600 hivi hata kabla ya siku mbaya kufika.

Msomaji aliye Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ana jambo jingine la kuongeza. Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya, Tanzania wala Uganda, kwa hiyo gawio la hisa hukatwa asilimia 30 kabla halijakufikia. Kwa mkopaji wetu hizo ni dola 420 kwa miaka 2. Mwenye opsheni amepunguziwa gawio lote ndani ya bei, ingawa sheria ya kodi ya Marekani ina kifungu cha 871(m) kinachoweza kuigusa opsheni inayofuata hisa senti kwa senti. Muulize dalali anavyokitekeleza kabla hujaihesabu tofauti hiyo kama faida.

Nne, tembea na siku mbaya hadi mwisho

Hadi hapa njia mbili zinakaribiana. Bei ikianguka ndipo zinapoachana, na zinaachana kwa namna mbili tofauti.

Mkopaji ana deni la 30,000. Dalali akitaka mtaji usipungue asilimia 30, kizingiti ni deni gawanya kwa 0.7, yaani 42,860. Hiyo ni bei ya dola 429 kwa hisa, anguko la asilimia 29. Kwa asilimia 25, kizingiti ni 400, anguko la theluthi moja. Bei ikifika hapo, dalali anadai uongeze fedha. Usipoziweka, anauza hisa zako, na mkataba uliosaini unamruhusu kuuza hata bila kukutaarifu. Bei ikiruka chini usiku kucha, kama hutokea kwa hisa ya kampuni moja, mauzo yanaweza yasitoshe kulipa deni, na kilichobaki unadaiwa wewe.

Mwenye opsheni hapigiwi simu na mtu. Bei ikifika 260, opsheni yake ni sifuri siku ya mwisho, na zile 8,112 anazo. Mkopaji ambaye kwa namna fulani asingeuziwa angekuwa anadaiwa karibu dola 5,950 zaidi ya mali yake.

Sasa weka hayo juu ya historia. Tarehe 19 Februari 2020 S&P 500 ilifunga 3,386, na tarehe 23 Machi ikafunga 2,237, anguko la asilimia 34 ndani ya wiki tano. Kwa kipimo chetu ni kutoka 600 hadi kama 396. Mkopaji wetu angeshauziwa, hata kwa kizingiti cha chini kabisa cha asilimia 25. Mwezi Agosti mwaka huohuo faharisi ilipita kilele chake cha awali, lakini yeye hisa hana tena. Mwenye opsheni ya miaka 2 angeiona bei yake ikiporomoka vibaya sana, zaidi ya nusu, lakini angebaki nayo na angekuwepo Agosti.

Watetezi wa opsheni hupenda kuishia kwenye mfano huo. Tusiishie hapo, kwa sababu kuna mfano mwingine unaoonyesha upande wa pili. Tarehe 9 Oktoba 2007 faharisi ilikuwa 1,565. Mkopaji aliyeingia siku hiyo angefikiwa na kizingiti chake cha asilimia 30 Septemba 2008, mwezi ambao tarehe 29 Baraza la Wawakilishi lilikataa mpango wa kuokoa mabenki na faharisi ikafunga 1,106. Kwa kipimo chetu hiyo ni dola 424. Mwenye opsheni angevumilia hadi chini kabisa, tarehe 9 Machi 2009, faharisi ikiwa 676. Kisha soko likaanza kupanda. Lakini miaka 2 ilipotimia, Oktoba 2009, faharisi ilikuwa 1,071 tu, sawa na dola 411 kwetu. Opsheni yake ingekuwa na thamani ya dola 11 kwa hisa, yaani 1,100 kwa mkataba alioununua 22,500. Mwenye hisa asiye na deni angeweza kusubiri miaka iliyofuata na kurudishiwa chake. Opsheni haisubiri: ikifika tarehe yake imekwisha, na kuendelea ni lazima utoe fedha mpya.

Kwa hiyo siku mbaya ya mkopaji ni anguko la haraka, hata kama bei itarudi kesho yake. Siku mbaya ya mwenye opsheni ni anguko linalokaa muda mrefu kuliko mkataba wake. Jiulize ipi kati ya hizo unaweza kuishi nayo. Mtu mwenye mshahara mnono na akiba pembeni anaweza kuujibu wito wa dalali, na kwake mkopo nafuu unaweza kuwa bora. Asiye na pa kutoa fedha za ziada asiuguse mkopo wa dalali.

Na zile dola 7,500 za pembeni zisiguswe. Kosa linalowaangamiza wanunuzi wa opsheni ndefu ni kuona bei ni 22,500 na kusema kwa 45,000 nitachukua mikataba miwili. Huyo anaendesha hisa za dola 120,000 kwa mtaji wa 45,000, na anguko la theluthi moja linaloendelea hadi siku ya mwisho linamwacha bila hata senti. Amua kwanza idadi ya hisa unazoweza kuzibeba. Opsheni iifuate idadi hiyo, na kinachobaki kikae kwenye dhamana za serikali.

Tano, kununua, kutunza na kutoka

Opsheni zenye bei ya mkataba ya chini sana hazina wanunuzi wengi, hivyo pengo kati ya Bid, bei wanayotoa wanunuzi, na Ask, bei wanayotaka wauzaji, linaweza kuwa dola kadhaa. Kununua kwa bei ya sokoni kwenye pengo la dola 4 ni kutupa dola 200 kwa mkataba mmoja ukilinganisha na kununua katikati. Tumia mlinganyo wa juu: bei ya PUT kwa kawaida ina pengo dogo, kwa hiyo inakupa bei ya haki ya CALL. Weka agizo lenye kikomo kwenye bei hiyo na usubiri. Likikaa bila kujibiwa, lisogeze senti kumi kumi. Fanya kazi hii soko likiwa limetulia katikati ya siku, si dakika za kwanza za ufunguzi.

Bei ya mkataba ichague kwa kuangalia PUT yake. Ukishuka hadi 300, bima inakuwa rahisi zaidi na riba inakaribia asilimia 4, lakini unaweka fedha nyingi zaidi na bima inakuanzia mbali. Ukipanda hadi 500, unaweka kidogo, na bima inakuwa ghali. Kwa faharisi, mahali pazuri mara nyingi ni pale opsheni inaposogea kama senti 85 hadi 90 kwa kila dola ya hisa. Skrini huonyesha namba hiyo kwa jina Delta.

Usiifikishe siku ya mwisho. Hisa ikiwa juu ya bei ya mkataba hata kwa senti moja, opsheni hutekelezwa yenyewe, na utatakiwa kulipa dola 40,000 kupokea hisa 100. Usipokuwa nazo, dalali ataifunga kwa bei atakayoipata yeye. Miezi sita hadi tisa kabla ya mwisho, iuze na, ukitaka kuendelea, nunua ya tarehe ya mbele kwa agizo moja linalounganisha yote mawili. Siku hiyo rudia hesabu ya riba upya. Soko likiwa limetikisika PUT zimepanda bei, na mkopo uliokugharimu asilimia 5 huenda sasa ni 7. Ukiona hivyo, linganisha tena na riba ya dalali, au punguza hisa unazobeba.

Ikiwa katika miezi ya mwisho bei iko juu sana ya mkataba wako, itazame PUT yake kabla ya kila gawio. Gawio likizidi bei ya PUT pamoja na riba iliyobaki hadi mwisho, na fedha za kulipa mkataba unazo, itumie opsheni siku moja kabla hisa haijaanza kuuzwa bila gawio. Kama fedha huna, iuze siku hiyohiyo.